Picha inasema faida, mfuko unasema hasara: namna ya kuisoma picha ya sarafu zako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete alinitumia picha ya skrini ya sarafu zake za kidijitali. "Assalaam alaykum kaka. Mbili kijani, moja nyekundu. Nimepata ngapi?" Mwenyewe alishajumlisha asilimia zote tatu, akagawa kwa tatu, akapata faida ya asilimia 13. Nikamjibu kwamba amekula hasara ya dola 100. Akakaa kimya mpaka baada ya Isha.

Picha yake ilikuwa hivi: Bitcoin ina thamani ya dola 240, faida asilimia 20. Ethereum dola 300, hasara asilimia 40. Solana dola 160, faida asilimia 60. Jumla dola 700. Alichoweka mwanzoni hakikuonekana popote, na hicho ndicho cha kutafuta kwanza.

Wengi hapa hukosea namna moja. Huchukua asilimia 40 ya zile 300, wakapata 120, wakasema Ethereum ilinunuliwa kwa 420. Sivyo. Ile asilimia imepimwa kwenye mtaji, haikupimwa kwenye thamani ya leo. Zilizobaki 300 ni asilimia 60 ya mtaji, kwa hiyo mtaji ni 300 gawanya kwa 0.6, yaani dola 500. Kanuni ni hii, na hasara unaiandika na alama ya kutoa mbele yake:

```
mtaji = thamani / (1 + asilimia/100)
```

Bitcoin ni 240 kwa 1.2, unapata 200. Solana ni 160 kwa 1.6, unapata 100. Mtaji wote ni dola 800, thamani ni 700, pungufu ni 100, ambayo ni asilimia 12.5 ya mtaji. Ukifuata ile njia mbovu kwa sarafu zote tatu utapata mtaji wa 676, na utajiona una faida ya dola 24. Kosa dogo la kugawa linageuza hasara kuwa faida! Kujihakiki ni rahisi: chukua 500, toa asilimia 40 yake, urudi kwenye 300. Ukichukua 420 ukatoa asilimia 40, unafika 252, na picha haisemi hivyo.

Wastani wa asilimia nao ulimdanganya kwa sababu Solana ya dola 100 imepewa sauti sawa na Ethereum ya dola 500. Hapa ndipo mgao unapoingia. Gawa thamani ya kila sarafu kwa 700: Ethereum ni karibu asilimia 43, Bitcoin 34, Solana 23. Lakini ukigawa mtaji kwa 800, Ethereum ilibeba asilimia 62.5 ya fedha zake. Mgao wa leo unaficha jambo hilo, maana sarafu inayoanguka hujipunguza yenyewe kwenye picha. Ndiyo maana mimi huandika migao yote miwili kwenye daftari, na nakutaka nawe ufanye hivyo. Na ili Ethereum irudi kwenye 500 inahitaji kupanda karibu asilimia 67, si 40.

Kabla ya yote, hakikisha asilimia unayoisoma ni yako. Programu nyingi huweka pembeni ya sarafu mabadiliko ya bei ya saa 24. Fungua ukurasa wa soko: ukiikuta namba ile ile pale, hiyo ni ya watu wote, haijui wewe ulinunua lini, na kanuni yangu haitakufaa.

Niliwahi kuyaeleza haya kwenye kundi letu la simu hapa mjini, nikaambiwa nina husuda na hesabu zangu ni za dukani. Liliniuma, na bado linaniuma. Hesabu za dukani ndizo hizi hizi: kwanza ujue ulitoa nini mfukoni. Mwenye hisa za soko la Dar es Salaam naye anaifuata kanuni hiyo hiyo, ila akumbuke kuongeza ada ya dalali kwenye mtaji wake.

Kwa yule kijana limebaki jambo moja ambalo picha haiwezi kulisema. Alinunua dola za kidijitali kwa shilingi, kutoka kwa muuzaji aliyeweka chake juu ya bei, na programu imeanza kuhesabu baada ya hapo. Nimemwambia akusanye ujumbe wote wa malipo kwenye simu, ajumlishe shilingi zilizotoka, kisha azidishe zile dola 700 kwa bei ambayo mnunuzi atamlipa leo, siyo ile aliyonunulia yeye. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hasara yake kwa shilingi.