Hakuna visa ya "kuingilia tu"

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 24, niko Kilifi. Ejenti amenipatia kazi ya mapokezi hotelini Riyadh, mshahara riyali 1,800. Visa imetoka lakini imeandikwa "amila manziliya". Anasema hiyo ni ya kuingilia tu, nikifika nitabadilishiwa, tena siku hizi kafala, ule mfumo wa kufungwa kwa mwajiri mmoja, imefutwa. Niende?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usipande ndege hiyo. Amila manziliya ni mfanyakazi wa nyumbani. Angalia jina la mwajiri kwenye visa yako: ukikuta jina la mtu pahali pa jina la kampuni, unakwenda nyumbani kwa mtu huyo, na hoteli haipo. Mkataba wa kampuni huonekana Qiwa, mtandao wa serikali ya Saudia wa mikataba ya kazi. Wa kazi ya nyumbani hupitia Musaned, mtandao wao wa wafanyakazi wa nyumbani, na mkataba huo hutaja mwajiri, mshahara na muda, ambao kwa kawaida ni miaka 2. Mwambie ejenti akufungulie mkataba wako mbele yako, usikubali kusomewa kwa simu.

Nilikaa Riyadh miaka minne katika nyumba mbili, na tangu nirudi, maneno haya ya "kuingilia tu" ndiyo ninayoletewa kuliko mengine yote. Yananiumiza kwa sababu anayeyasema anajua yasivyo kweli. Visa ndiyo inayozaa iqama, yaani kibali cha kuishi huko, na iqama inakufunga kwa mwajiri mmoja na kazi moja. Mabadiliko ya Machi 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wa kampuni kuhama kazi na kutoka nchini bila idhini ya bosi, kwa masharti. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa. Ejenti wako amechukua habari ya watu wengine akakuuzia wewe.

Sisi wa majumbani tuna kanuni zetu: kazi isizidi saa 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, likizo ya mwezi yenye malipo baada ya miaka 2 ukiendelea na mkataba. Kuhamishwa bila ridhaa ya mwajiri kunawezekana kwa sababu chache zilizotajwa, kama kunyimwa mshahara wa miezi 3. Lakini hilo ulithibitishe, na mshahara wa mkononi hauna ushahidi. Ndiyo maana nawaambia wasichana washikilie kulipwa kupitia benki, hata madam akisema pesa ziko salama kwake. Kwamba ejenti wa Kilifi alikuahidi hoteli, hiyo haimo katika sababu hizo.

Binti mmoja wa Bungoma, jirani yetu katika nyumba yangu ya pili, aliletwa kwa ahadi kama yako. Mkataba wake ulikuwa riyali 900, kama shilingi 31,000, kula na kulala kwa mwajiri. Mwezi wa nne wenzake wakamwambia akemboi, yaani atoroke akafanye vibarua. Neno hilo wamelitoa kwa mkimbiaji wetu Ezekiel Kemboi. Akapata riyali 1,600 na akaniona mimi mjinga. Kitanda cha kuchangia kilikuwa 350, chakula 300, teksi 200. Zikabaki 750, pungufu ya zile 900 alizozikimbia, na mwezi wa kukosa kibarua hazikubaki kitu.

Mwajiri naye alishampeleka kwenye mfumo kama mtoro, wanaita huroob. Ukishaandikwa hivyo iqama haihuishwi. Jino lilimvimba mpaka jicho likafunga, akaogopa kwenda hospitali. Pesa za mama yake alizituma kwa jina la mtu mwingine, na mara moja hazikufika. Alipochoka hakuweza kwenda uwanja wa ndege akaondoka kama wasafiri wengine. Alipitia tarhil, kituo cha kuwarudisha watu kwao, akawekwa wiki kadhaa, akachukuliwa alama za vidole, na kurudi tena kufanya kazi Saudia kumefungwa kwake. Wapo waliozaa wakiwa katika hali hiyo, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hasafiri na mama yake.

Mwajiri wake hakuwa mkatili. Shida ilianzia Kenya, pale kinywa kiliposema kazi moja na karatasi ikasema nyingine. Kwa hiyo vijana, msiishie kuangalia kama ofisi imesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Hata iliyosajiliwa, ikikwambia usijali maandishi, ondoka. Visa, tiketi na iqama ya mfanyakazi wa nyumbani ni juu ya mwajiri. Anayekudai pesa za hivyo vitu anakula mara mbili.

Wewe mdogo wangu, ukiitaka kazi ya nyumbani kwa macho yako mawili, ni kazi ya halali na mimi ilinijengea vyumba viwili. Lakini piga hesabu kwa mshahara ulioandikwa kwenye mkataba, hizo 1,800 zisahau. Picha ya pasi, visa na mkataba mwachie mama, pamoja na namba ya ubalozi wetu Riyadh. Na kabla ya kumpa ejenti shilingi nyingine, mwombe aandike kwa mkono wake kwamba utafanya kazi hotelini, aweke sahihi. Hataandika.