Tau ikipungua, usishangilie kwanza

Wadogo zangu mlioanza karakana mwezi huu, juzi nilipita nyuma ya meza yenu nikasoma kwenye ubao: "Tumeongeza rezista, tau imepungua, kwa hiyo valvu itafunguka haraka." Nilisimama pale muda mrefu kuliko mlivyodhani. Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe kwenye daftari la kazi, karibu neno kwa neno, na ilisimamisha laini ya kufunga maboksi kwa nusu siku. Sikutaka kuwakatisha mbele ya wenzenu, kwa hiyo naandika hapa.

Mlinganyo wa mkondo unavyopanda kwenye koili mnaujua, nauweka tu ili tuongee lugha moja:

```
i = (V/R) × (1 − e^(−t/τ))      τ = L/R
t = −τ × ln(1 − f)
```

Hiyo `τ` ndiyo tau, muda unaopima upesi wa mkondo kufika mwisho wake, na `L` ni induktansi ya koili. Hiyo `f` ni sehemu ya mkondo wa mwisho, yaani V/R, unayotaka kufikia. Nusu ni 0.5, asilimia tisini ni 0.9.

1. R ni ukinzani wote ulio njiani. Waya wa koili una ukinzani wake, na rezista ya omu moja mnayoweka ili osiloskopu ione mkondo nayo imo kwenye hesabu. Pimeni koili kwa multimita kabla ya kushika kalamu.

2. Kitufe ni `ln`, siyo `log`. Kwa asilimia tisini, `ln` inawapa tau 2.3 na `log` inawapa tau 1 kamili. Jibu la namba nzima linavutia macho, ndiyo maana kila mwaka kuna anayeliamini. Njia ya kujikagua ni rahisi: tau moja inakufikisha asilimia 63, basi. Ukiona tau moja imekupa tisini, rudi kwenye kikokotoo.

3. Mkondo haupandi kwa mstari ulionyooka. Nusu unaifikia kwa tau 0.69, tisini kwa 2.3, tisini na tisa kwa 4.6. Ile robo ya kwanza unaipata upesi, ile ya mwisho unaisubiri. Kijana mmoja wenu alipima muda wa kufika asilimia ishirini akauzidisha mara tano. Mpenzi wangu, hapana.

4. Jiulize: sehemu ya nini? Hapa ndipo nilipoumia, na hapa nitakaa.

Ilikuwa kiwanda fulani, mashine ya kufunga maboksi kwa gundi ya moto. Valvu ya gundi inafunguliwa na solenoidi ya volti 24. Koili yake nilipima omu 48 asubuhi ikiwa baridi, na L yake ilikuwa henri 0.6. Kwa hiyo mkondo wa mwisho ni ampea 0.5 na tau ni milisekunde 12.5. Chuma cha ndani kilikuwa kinavutwa mkondo ukifika ampea 0.3. Kidhibiti kilikuwa kinatoa umeme kwa milisekunde 25 kwa kila boksi, halafu kinakata.

Ampea 0.3 ni asilimia 60 ya 0.5. Weka kwenye mlinganyo: 12.5 mara 0.916, unapata milisekunde 11.5 hivi. Muda tulio nao ni 25. Mashine ilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa, na kama ningeiacha ilivyo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Tatizo ni kwamba koili zilikuwa zinaungua. Valvu inakaa jirani na tangi la gundi, joto linapanda kwenye mwili wake, na koili yenyewe inajiongezea joto lake. Tulikuwa tumebadilisha mbili ndani ya muda mfupi. Nikawaza: nikiweka rezista ya omu 24 kwa mfululizo na koili, mkondo utapungua, joto la koili litapungua. Hilo ni kweli. Joto ndani ya koili lilishuka kutoka wati 12 hadi wati 5 na ushee.

Kisha nikafanya hesabu ya muda. R mpya ni 72, tau mpya ni 0.6 gawanya kwa 72, yaani milisekunde 8.3. Asilimia 60 nikaipata kwa milisekunde 7.6. Nikafurahi! Koili inapoa na valvu inawahi, vyote kwa rezista moja. Nikaandika kwenye daftari ile sentensi mliyoiandika ubaoni.

Kosa liko wapi? Chuma hakijui asilimia. Chuma kinajua ampea. Kilihitaji 0.3 kabla ya rezista na kilihitaji 0.3 ileile baada ya rezista. Lakini mkondo wa mwisho sasa ulikuwa 24 gawanya kwa 72, yaani 0.333. Asilimia 60 ya huo ni ampea 0.2, na kwa ampea 0.2 valvu haisogei. Ampea 0.3 sasa ilikuwa asilimia 90 ya mkondo wa mwisho. Fanya upya: 8.3 mara 2.3, milisekunde 19. Nilidhani nimeharakisha valvu kutoka 11.5 hadi 7.6, kumbe nimeichelewesha hadi 19.

Nawapa mfano wa barabarani. Basi la Dar kwenda Chalinze linafika mwisho wa safari mapema kuliko la Morogoro, na barabara ni ileile. Ukiwa unakwenda Morogoro, kupanda la Chalinze kwa sababu linawahi kufika hakukusaidii. Tau inakuambia upesi wa kufika mwisho wa safari, na rezista imekuletea mwisho karibu.

Mkichora mistari miwili kwenye karatasi moja mtaliona hili bila mlinganyo. Mwanzoni kabisa kasi ya mkondo kupanda ni V gawanya kwa L, ampea 40 kwa sekunde hapa, na R haimo. Kwa hiyo mistari yote miwili inaondoka pamoja. Kwenye milisekunde 5, ule usio na rezista uko ampea 0.165 na wenye rezista uko 0.150. Mwenye rezista anaanza kuinama mapema, na hakuna hata sekunde moja ambayo yuko juu ya mwenzake. Tau yake ni fupi kwa sababu ameinama upesi.

Mtasema, milisekunde 19 bado ni ndani ya 25, valvu ilifunguka. Ndiyo, ilifunguka! Niliijaribu saa moja asubuhi, tangi likiwa ndiyo kwanza limeyeyusha gundi na koili bado baridi, na maboksi yalipita yote yamefungwa vizuri. Nikasaini.

Karibu na saa sita mchana mama aliyekuwa opereta wa laini alikuja hadi karakana. Hakupiga simu, alikuja kwa miguu na boksi mkononi, akalibonyeza pembe mbele yangu likafunguka. "Fundi, maboksi mengi yako hivi tangu saa nne. Nimemwambia kijana wako mara mbili, ananiambia umeipima." Nilikuwa nimeipima kweli. Nilikuwa nimeipima baridi.

Shaba ikipata joto, ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii moja. Mwili wa valvu ulikuwa umepanda digrii 50 hivi tangu asubuhi. Koili ya omu 48 sasa ilikuwa omu 57.4. Jumlisha 24 yangu, unapata 81.4. Volti 24 gawanya kwa 81.4 ni ampea 0.295.

Someni namba hiyo tena. Mkondo wa mwisho ulikuwa chini ya 0.3. Hapo hakuna suala la kuchelewa. Ungeacha umeme umewaka mpaka jioni, chuma kisingevutwa. Na mkiweka namba hizo kwenye mlinganyo wa `ln`, `f` inazidi moja na kikokotoo kinaandika kosa. Kikiandika hivyo msikilaumu, kinawaambia kwamba mahali mnapokwenda hakuna barabara. Kati ya saa nne na saa sita valvu ilikuwa inafunguka kwa kubahatisha, baadhi ya maboksi yakipata gundi na mengine yakikosa, na ndiyo maana kijana wangu hakuona kitu kila alipokwenda kuangalia boksi moja au mawili.

Kilichonionyesha ukweli ni osiloskopu, na hili nataka mlishike. Solenoidi yenye afya haichori mstari safi kama wa kitabuni. Mkondo unapanda, halafu katikati unashuka kidogo, kijibonde kifupi, kisha unaendelea kupanda. Kijibonde kile ni chuma kinachosogea: kikisogea kinabadilisha L na kinazalisha volteji inayopinga. Baada ya hapo mlinganyo wetu wenye L moja haufai tena, unafaa hadi pale chuma kinapoanza kutembea, na kwa swali letu hapo panatosha. Mchana ule niliangalia kioo nikaona mstari mzuri mno, umepinda taratibu na kulala chini kidogo ya 0.3, hauna kijibonde hata kimoja. Ulikuwa mzuri kwa sababu hakuna kilichokuwa kinasogea.

Nilitoa rezista. Koili ileile ya moto, omu 57, bila rezista inafika ampea 0.42 mwishoni, na 0.3 inaipata kwa milisekunde 13. Maboksi yakafungwa. Joto tulilitibu lilikokuwa linatoka: tuliweka kinga ya bati kati ya tangi na koili, tukaacha nafasi ya hewa. Yale ya asubuhi tuliyafungua na kuyafunga upya kwa mkono, mimi na kijana wangu na yule mama, ambaye hakulazimika kutusaidia.

5. Rezista ina mahali pake, ila iende na volteji. Ukiweka omu 24 ileile na kupandisha hadi volti 36, mkondo wa mwisho unarudi 0.5, tau inabaki 8.3, na ampea 0.3 inarudi kuwa asilimia 60. Hapo ndipo ile milisekunde 7.6 inakuwa ya kweli. Volteji peke yake haibadilishi muda wa kufika asilimia 60 hata kidogo. Inabadilisha asilimia 60 ni ampea ngapi. Ila kumbukeni, koili baridi inarudi kwenye wati 12 zake, kwa hiyo njia hii inaleta kasi na haitibu joto.

Jumatatu nimewawekea koili mezani, ya omu 48, na rezista tatu. Andikeni kwanza ampea mnazozitaka, kisha ampea za mwisho koili ikiwa baridi na ikiwa ya moto, halafu ndiyo mtafute `f`. Pasi ya kupashia koili iko kabati la chini, na multimita ya njano betri yake imekufa, chukueni ile nyeusi.