Picha ya Darasa Imewekwa, Utaandika Nini Chini Yake?

Picha ya zamani ya shule ikitupiwa mtandaoni, utani wa kwanza unaokujia karibu kila mara unamhusu mtu mmoja: sweta lililomfika magotini, kichwa kilichonyolewa vibaya, kiatu kilichoachama. Uache upite. Enzi zile mlitaniana mkiwa watoto wa darasa moja. Leo picha hiyo inatazamwa na mkewe, wanawe, wakwe zake na watu anaowasimamia kazini. Na huenda lile sweta lilikuwa la kaka yake, na nyumbani hapakuwa na jingine.

Mimi huwa natafuta kitu kilichotupata wote, tena ikiwezekana kiwe kitu, si mtu. Chukulia picha yetu ya kumaliza shule: darasa zima limetoa macho kama limefumaniwa. Kamera zilikuwa za mkanda, picha 24 au 36 basi, na hakuna aliyejua imetokaje mpaka isafishwe. Kwa hiyo mpiga picha alitusimamisha kama askari kwenye gwaride, akatukataza kupepesa macho, akaanza kuhesabu. Alipofika mbili akagundua hajatoa kifuniko cha lenzi.

Ningeweza kuandika, "Jamani tulikuwa tunatisha, hahaha!" Hilo linafaa chini ya picha yoyote duniani, na hakuna atakayekumbuka chochote. Ningeweza pia kuandika, "Mmemwona huyo wa nyuma alivyotoa macho?" Hapo kumbukumbu ipo, lakini nimeshamnyooshea mtu kidole, na kila atakayeitazama picha atamtafuta yeye. Nilichoandika ni hiki:

"Mpiga picha alisema tusipepese macho mpaka ahesabu tatu. Akahesabu moja, mbili, akakumbuka kifuniko cha lenzi. Tatu tunaisubiri hadi leo."

Wanaotoa macho ni sisi sote, mimi nikiwemo. Anayebeba kicheko ni kifuniko, pamoja na mpiga picha ambaye hayumo pichani wala sikumtaja jina. Tukio ni la kweli, na hilo usilipuuze, maana ukibuni, waliokuwepo watasoma wakijiuliza kama wao ndio waliosahau. Chumvi niliitia kwenye sentensi ya mwisho tu, ambayo hakuna atakayeidhania kuwa habari ya kweli. Baada ya hapo sikuongeza hata neno. Ukijichekea mwenyewe mwishoni, umewaibia wengine zamu yao. Na zamu waliichukua: mmoja akasema ndiyo maana siku hizi anavaa miwani, mwingine akadai macho yake yalikauka siku ileile. Kila mmoja alijitania mwenyewe.

Kabla ya kutuma, pitia sura moja moja pichani. Yupo aliyefariki? Kama picha imewekwa kumkumbuka yeye, utani usubiri siku nyingine. Yupo aliyeacha shule kwa ujauzito au kwa kukosa ada? Basi epuka maneno kama "sisi tuliohitimu." Jina la utani usilifufue, isipokuwa mwenyewe bado anajiita hivyo. Alama za mtihani, viboko na barua za mapenzi ziache zilipo, hata kama mhusika anaonekana mtu wa mzaha. (Wanaocheka sana, kwa ninavyowaona mimi, ndio wanaoficha vizuri.)

Utajuaje kuwa umekosea? Usihesabu emoji za kucheka. Mtazame anayeguswa. Kama wengine wanacheka naye kanyamaza, au amejibu "haya" tupu, au ameondoa jina lake kwenye picha, maneno yako yamemchoma. Yafute, kisha mwandikie faragha kwa sentensi moja au mbili. Usijieleze hadharani, kwa sababu utawaita hata wale ambao hawakuwa wameona. Kuhariri pia hakusaidii sana: kwenye Facebook watu wanaweza kufungua na kusoma ulichoandika mwanzo, na WhatsApp inakupa dakika 15 tu za kuhariri, tena huweka alama kwamba ujumbe umehaririwa.

Kuna balaa lingine: wewe umeandika vizuri, halafu anatokea mtu chini yako na kidole chake. Kwetu alikuja mmoja akaandika, "Na huyo wa kulia mwenye suruali fupi je?" Ukimkemea, suruali inakuwa mada ya siku nzima. Ukinyamaza, wengine watamfuata. Nilimjibu haraka, nikamrudisha kwa mpiga picha: "Suruali ilikuwa ndefu tulipohesabiwa moja." Mwenye suruali akaongeza kwamba hata yeye alianza kusimama pale akiwa mfupi.