Kijana kafuta jedwali zima, na seva ya pili nayo tupu

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Kijana wetu mgeni kazini alitaka kufuta rekodi za majaribio kwenye MySQL, DELETE yake ikapita bila WHERE. Seva ya pili tuliyowekewa kama bakapu nayo haina kitu. Fundi wa Ngamiani anataka laki tatu aturudishie data kwa programu ya diski. Tumpe?*

Marahaba. Msimpe. Programu yake hutafuta mafaili yaliyofutwa, na faili la jedwali lenu halijafutwa, lipo palepale. Kilichofutwa ni rekodi zilizo ndani yake. Akiichezea diski hiyo, ataharibu hata kinachoweza kuokolewa.

Timu moja hapa Tanga, yenye mfumo wa kupokea maziwa ya wafugaji, ilikumbwa na hilihili. Kijana aliandika WHERE vizuri tu, lakini mstari wa pili. Akateua mstari wa kwanza kwa kipanya, akabonyeza. Rekodi 61,204 zikaondoka saa nne asubuhi. Akaandika ROLLBACK mara mbili, bila faida: MySQL isipoambiwa START TRANSACTION, kila amri inathibitishwa papo hapo.

Uzuri ni kwamba alisema mara moja. Mkubwa wake akasimamisha mfumo, akachukua bakapu ya saa nane usiku na kuifungua kwenye kompyuta nyingine kabisa. Pengo la kutoka saa nane hadi saa nne lilikuwa ndani ya binlog, daftari la kila badiliko, ambalo MySQL 8.0 huliwasha yenyewe na kulitunza siku 30. Akatafuta humo mahali DELETE ilipoanzia, akarudia mabadiliko yote hadi hapo tu:

```
mysqlbinlog --start-position=157 --stop-position=884213 binlog.000412 | mysql
```

Namba ya kuanzia hutoka kwenye bakapu yenyewe, mradi ilichukuliwa na `--source-data=2`. Kisha akatoa jedwali moja tu kulirudisha kwenye seva kuu:

```
mysqldump --no-create-info --insert-ignore maziwa mapokezi > rudisha.sql
```

Hapo ndipo wengi huumia mara ya pili. Bila `--no-create-info`, faili hilo huanza kwa DROP TABLE, na maziwa yaliyopokelewa baada ya ajali yanapotea pia.

Sasa huyo aliyewauzia seva ya pili na kuiita bakapu. Hawa nimewachoka. Seva-nakala hutii kila amri ya seva kuu, na DELETE ni amri kama nyingine, inafika kule ndani ya sekunde. Inakukinga diski ikifa, haikukingi na mkono wa mtu. Bakapu ni nakala iliyosimama kwenye saa fulani, ikawekwa mahali ambapo amri ya leo haifiki. Anayekuja kuwauzia bakapu, kabla ya kumlipa, mwambieni arudishe mbele yenu jedwali moja lilivyokuwa jana saa saba mchana, kwenye kompyuta tupu. Akianza kutafuta maneno, mwonyesheni mlango.