Barua ya kumsimamisha mtunza stoo

"Stoo yetu hapa Nakuru ina upungufu wa mifuko 40 ya mbolea. Nimwandikie vipi mtunza stoo barua ya kumsimamisha?"

Ndugu, usiandike "umeiba". Neno hilo litaonyesha mliamua kabla ya kuchunguza. Andika: "Unasimamishwa kazi kwa muda kuanzia kesho, kwa mshahara kamili, ili tuchunguze tofauti ya mifuko 40 kati ya daftari na stoo. Hii si adhabu." Taja tarehe ya mwisho, tuseme wiki mbili, na mtu wa kuwasiliana naye. Akabidhi funguo, marupurupu ya nyumba usiyaguse.

Mkitaka kumfuta baadaye, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka asikizwe kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hapo muone wakili.