Tamsulosini: kizunguzungu cha baba na mtoto wa jicho

Kama mzee wako anameza tamsulosini kwa ajili ya tezi dume iliyokua, na macho nayo yana mtoto wa jicho, daktari wa macho lazima ajue mapema kuhusu dawa hiyo. Baba alipoulizwa kliniki anatumia dawa gani, alitaja ya presha tu. Ile nyingine aliona haya kuitaja mbele ya nesi msichana, nikaitaja mimi.

Dawa hii hulegeza misuli ya tezi dume na ya shingo ya kibofu, ndipo mkojo unapita. Tatizo ni kwamba inaweza kulegeza na mishipa ya damu kidogo. Mzee akiinuka ghafla, presha inashuka na anaona giza. Kwa baba ilikuwa usiku, akikimbilia choo. Tulimzoesha kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu chini, mpaka kichwa kitulie. Muda wa kumeza nao una maana: kapsuli ya miligramu 0.4 humezwa nzima, nusu saa hivi baada ya mlo ule ule kila siku. Tumbo likiwa tupu, dawa huingia kwenye damu kwa wingi zaidi na kizunguzungu huongezeka. Mwezi wa Ramadhani baba humeza baada ya futari. Hatari hupanda pia siku za mwanzo, akianza tena baada ya kuiacha siku kadhaa, au akichanganya na dawa za presha au za nguvu za kiume (wazee nao wana siri zao). Akizimia, au akianguka, apelekwe hospitali.

Sasa jicho. Ile duara yenye rangi inayoizunguka mboni nayo ina misuli, na tamsulosini huifikia. Wakati wa upasuaji mboni inatakiwa ibaki wazi, maana lenzi iliyoingia ukungu hutolewa kupitia hapo. Kwa mtumiaji wa dawa hii, duara hilo linaweza kupepea kama pazia kwenye upepo, likajitokeza kwenye tundu la upasuaji, huku mboni ikizidi kusinyaa. Madaktari walilieleza jambo hili mwaka 2005. Asiyejiandaa anaweza kulijeruhi jicho. Aliyejiandaa huwa na dawa ya kupanua mboni ya kuchoma ndani ya jicho, na vikulabu au kipete cha kuishikilia.

Baba aliuliza kama aache kumeza wiki mbili kabla. Daktari akakataa: kuacha hakuondoi hatari hiyo kwa uhakika, na mkojo unaweza kuziba. Hata aliyeacha miaka iliyopita anapaswa kusema.

Na ambaye bado hajaanza, lakini upasuaji wa jicho umeshapangwa, amweleze daktari wa mkojo. Kama hali ya mkojo inaruhusu kusubiri, jicho lifanyiwe kwanza, kapsuli zifuate.