Kumwandikia mkurugenzi hotuba kwa sauti yake mwenyewe

Swali: «Nimeajiriwa majuzi katika shirika moja hapa Malindi. Mkurugenzi anataka nimwandikie hotuba ya dakika kumi lakini hana nafasi ya kukaa nami. Nimepewa barua pepe zake za miaka mitatu na rekodi kadhaa za mikutano. Nianzie wapi ili asikike yeye, nisisikike mimi?»

Aleikum salaam, ndugu yangu. Mimi niko Amu, na kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kuandika rasimu za hotuba za mkurugenzi wa shirika linaloshughulika na wavuvi, mama ambaye leo yuko Mokowe, kesho Nairobi, na keshokutwa yuko Kizingitini kwa mkutano wa BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo. Nitakueleza ninavyofanya mimi, kisha uchukue linalokufaa.

Kabla ya kusoma chochote, tenga yaliyo yake na yasiyo yake. Barua nyingi zinazotoka kwa jina la mkurugenzi zimeandikwa na katibu wake, na utazitambua upesi kwa «Rejelea barua yako ya tarehe» na «kwa niaba ya». Zake mwenyewe mara nyingi ni fupi, hazina viambatisho, na zimeandikwa usiku kwenye simu. Ikiwa amekuruhusu kuingia kwenye sanduku lake la Gmail, utafutaji kama huu unapunguza rundo kwa kiasi kikubwa:

```
in:sent -has:attachment after:2022/01/01
```

Kisha tafuta aina moja zaidi ambayo wengi huipuuza, nayo ni barua alizorudisha rasimu ya mtu mwingine akiwa ameisahihisha. Hapo ndipo utakapoona anachokikataa. Mkurugenzi wetu, kwa mfano, kila alipokuta neno «walengwa» katika ripoti alilikata na kuandika «wavuvi» au «akina mama wa samaki», na hakuwahi kueleza kwa nini. Orodha ya maneno anayoyakata itakusaidia kuliko orodha ya maneno anayoyapenda, kwa sababu neno moja asilolitumia kabisa likiingia katika hotuba, wafanyakazi wake waliokaa mstari wa mbele watajua papo hapo kwamba ameandikiwa.

Katika rekodi nako, weka kando zile ambazo alikuwa akisoma hotuba iliyoandikwa. Sauti ni yake, lakini maneno ni ya aliyemwandikia, na ukiiga hizo utakuwa unamuiga mwandishi aliyekutangulia. Unachokitaka ni pale mvuvi aliposimama akamuuliza swali gumu naye akajibu bila karatasi. Jumbe zake za sauti za WhatsApp ni nzuri kwa kusikia anavyoeleza jambo, ila kumbuka kwamba nyingi ni maagizo kwa wafanyakazi, na mtu haagizi kwa namna anavyohutubia wazee wa kijiji. Na kwa kuwa rekodi za mikutano zina sauti za watu wengine pia, omba ruhusa ya kuzitumia, zihifadhi mahali pamoja, na uzifute kazi ikiisha. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na sauti ya mtu anayetambulika ni data yake.

Chagua kipande cha dakika tano au sita cha jibu lisilo na karatasi, ukiandike neno kwa neno, pamoja na pale anapojikata na kuanza upya. Unaweza kupunguza kasi ya rekodi ili usikose neno, lakini ukimaliza irudie kwa kasi yake ya kawaida ukiwa na kalamu, utie mstari mmoja wa mshazari anaposita na miwili anapovuta pumzi. Rekodi iliyopunguzwa kasi inadanganya kuhusu pumzi. Kisha hesabu maneno kati ya pumzi na pumzi. Mama yetu huyu hupita maneno kumi kwa nadra sana. Maana yake ni kwamba sentensi ya maneno thelathini yenye «ambayo» mbili, hata iwe sanifu kiasi gani, itamkata pumzi katikati mbele ya watu.

Kipande hichohicho kitakupa urefu wa hotuba. Hesabu maneno aliyosema katika dakika mbili mfululizo mbele ya hadhira, si ofisini, kwa sababu mbele ya watu wengi huwa anakwenda taratibu zaidi. Ukipata, tuseme, maneno 95 kwa dakika, na ukajua kwamba salamu, dua na kutaja wageni kwa itifaki kutakula dakika mbili kati ya kumi alizopewa, basi umebakiwa na nafasi ya maneno kama 760. Sehemu ya itifaki usimwandikie kwa maneno kamili; mpe majina na vyeo kwenye kadi ya pembeni, kwa sababu hilo analifanya kwa mtindo wake tangu zamani na hahitaji msaada wako.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ukiwa na barua upande mmoja na unukuzi upande wa pili, usichukue kila kilichokuvutia. Kinachoonekana kwenye barua peke yake huenda ni tabia ya maandishi tu. Kinachosikika kwenye rekodi moja peke yake huenda kilitokana na joto la siku ile. Kinachojitokeza kote kuwili, hicho ni chake. Na hapa kuna ugumu ambao nadhani utakukuta na wewe: barua pepe za maofisi yetu nyingi ni za Kiingereza, ilhali hotuba itakuwa ya Kiswahili. Usifasiri sentensi zake za barua. Chukua mpangilio wa fikra tu, yaani anaanza na nini, anachelewesha nini, anamalizaje. Sentensi zitoke kwenye rekodi.

Nikupe mfano wa hotuba ya ufunguzi wa chumba cha barafu. Maelezo ya mradi yaliyokuwa mezani kwangu yalisema: «Mradi huu unalenga kupunguza upotevu wa mazao ya baharini baada ya uvuvi na kuwawezesha wavuvi kupata bei bora sokoni.» Kwenye rekodi ya mkutano mmoja wa zamani, mzee alikuwa amemuuliza barafu itawafaa nini watu ambao baba zao walivua bila barafu, naye akajibu hivi, kama nilivyonukuu:

«Samaki katoka majini alfajiri / saa nne bado yuko juani // Mnunuzi anamwona // Sasa, niwaulize / atampa bei? // Hampi //»

Anaanza na kitu kinachoonekana na saa yake. Analeta mtu wa pili, mnunuzi. Anauliza, kisha anajibu mwenyewe kwa neno moja. Lengo, ambalo maelezo ya mradi yalilitanguliza, halikutajwa hata kidogo. Nilipofungua barua zake, nikakuta moja aliyomwandikia mhasibu, ambayo kwa Kiswahili ingekuwa: «Fedha za awamu ya pili zimefika? Bado. Basi tusitangaze.» Ni umbo lilelile, swali na jibu la neno moja, ingawa lugha ni nyingine na jambo ni jingine. Hapo nikawa na uhakika. Aya ya ufunguzi ikaandikwa hivi:

«Mwaka jana wakati kama huu, changu alikuwa akifika hapa gatini saa moja asubuhi. Boti ya Mokowe inaondoka saa nne. Saa tatu hizo samaki alikuwa wapi? Juani. Sasa, niwaulize: bei ya mchana ilikuwa sawa na bei ya asubuhi? Haikuwa. Chumba hiki ni cha saa tatu hizo.»

Tazama kwamba «Sasa, niwaulize» imetumika mara moja. Katika kipande nilichonukuu, chenye dakika kadhaa, alikuwa ameitumia mara mbili tu, na mwandishi anayeipenda sana ataiweka katika kila aya mpaka hadhira ianze kucheka. Tenganisha pia maneno ya namna hii na vijazio kama «yaani» na «si ndiyo». Kipimo changu ni kuliondoa neno na kusoma tena: ikiwa mwelekeo wa mazungumzo umepotea, neno hilo ni kiungo na linabaki, ikiwa hakuna kilichobadilika, ni kijazio, naye atakitia mwenyewe bila kuandikiwa.

Kuhusu lahaja, mimi siandiki Kiamu katika rasimu ingawa yeye ni mtu wa Mkomani na mbele ya watu wake husema «mai» na «moya» bila kujitambua. Nikimwandikia usanifu, ulimi wake huyageuza maneno wenyewe pale yanapostahili. Nikimwandikia kilahaja, huyasoma kama mwigizaji, na siku akikaa mbele ya wageni wa Nairobi yanamkwaza. Kwa mkurugenzi wako wa Malindi, sijui kama atapenda kuchanganya Kigiriama katika salamu. Sikiliza rekodi, na kama anafanya hivyo, mwachie nafasi tu.

Tahadhari moja kuhusu barua za miaka mitatu ni kwamba namna ya kusema haibadiliki haraka, lakini misimamo hubadilika. Chukua umbo kutoka za zamani, na yaliyomo kutoka za miezi ya karibuni. Kama aliandika mwaka 2022 kwamba ada ya wanachama haitapanda, muulize kwa ujumbe mfupi wa ndiyo au hapana kabla hujalirudia jukwaani kwa kinywa chake. Takwimu vilevile: ripoti itasema asilimia 30 ya kamati ni wanawake, lakini kama rekodi zinaonyesha kwamba yeye husema «katika watu kumi wa kamati, watatu ni akina mama», mwandikie hivyo.

Rasimu ikiisha, omba dakika tano tu. Usimuulize kama ameipenda, kwa maana mtu mwenye shughuli nyingi atasema ni nzuri ili uondoke. Mwambie asome aya mbili kwa sauti, nawe urekodi kwa simu. Kila pale ulimi wake unapobadilisha neno lako, fuata ulimi wake, hata kama lako lilikuwa sahihi zaidi. Anapokwama mara mbili mahali pamoja, kosa mara nyingi liko kwenye sentensi iliyotangulia, ambayo haikumwachia pumzi. Na kama hata dakika tano hazipatikani, mtafute dereva wake au katibu aliyekaa naye miaka mingi. Msomee aya tatu fupi, moja ikiwa ni maneno yake halisi uliyoyanukuu na mbili ni zako, na umuulize zipi mkurugenzi hakuzisema. Akizitaja zako zote mbili bila kusita, rudi kwenye rekodi. Akisita, unaweza kuichapa.

Katika kuichapa, tumia herufi zenye ukubwa wa kutosha kusomeka bila miwani, kata mstari pale ulipotia alama ya pumzi badala ya kuuacha ujae ukurasa, na usiruhusu sentensi ianze ukurasa mmoja na kuishia mwingine, hasa kama shughuli iko nje ufukweni na upepo wa kusi unavuma.